Naomba mawazo: tangazo la moto la chumba cha hoteli, mtu aelewe kwa kutupa jicho tu

KalamuDom

Wakuu, habari za jioni.

Nimepata kazi ya hoteli moja hapa Dodoma. Jengo ni la ghorofa tano, lina lifti moja, na ngazi mbili, moja kila mwisho wa korido. Wateja wao wakubwa ni watu wa semina na vikao, yaani Watanzania wenzetu wanaotoka mikoani, lakini tangazo la moto lililobandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba ni la Kiingereza kitupu. Sasa wanataka la Kiswahili. Meneja alichoniambia ni hiki: mtu ameamka saa nane usiku, usingizi haujamtoka, aelewe kwa kutupa jicho.

Rasimu yangu ya kwanza imefuata maandishi yao mstari kwa mstari:

> TAARIFA MUHIMU KWA USALAMA WAKO. Mgeni mpendwa, endapo utagundua kuwepo kwa moto, tafadhali vunja kioo cha king'ora kilicho karibu nawe na uwataarifu wahudumu. Funga milango na madirisha yote ya chumba chako. Ondoka kwa utulivu kupitia njia ya dharura iliyo karibu. Usitumie lifti. Usirudi kuchukua mali zako. Elekea eneo la kukusanyikia. Endapo njia imezibwa na moshi, baki chumbani, ziba mianya kwa taulo zilizoloweshwa na upige simu namba 114. Uongozi unakutakia mapumziko mema.

Kisarufi sioni tatizo. Ila nikiisoma naona kama barua ya ofisini. Nisaidieni niipunguze vipi bila kupoteza kitu cha maana.

Mzee wa Kibaigwa

Hao wenye hoteli wajiandae, maana kila mwaka ni ukaguzi na kila ukaguzi una tozo. Mimi nina nyumba ya wageni, vyumba kumi tu, wakaguzi wakifika wananiuliza mitungi, wananiuliza mafunzo ya wafanyakazi, halafu unapewa karatasi ya malipo. Mleta mada hebu tuambie hao wamelipa shilingi ngapi?

KalamuDom

Mzee wangu shikamoo. Mimi ni mtafsiri tu, habari za malipo yao sizijui. Ninachotafuta hapa ni maneno ya tangazo.

AfandeMstaafu

Kijana, nimekaa zimamoto zaidi ya nusu ya umri wangu na nimeingia vyumba vingi vya hoteli baada ya moto na kabla ya moto. Kabla hatujagusa neno hata moja, tazama tangazo lako linadai nini. Mgeni akisoma toka juu kwenda chini anafuata mstari mmoja: kengele, funga, ondoka, kusanyika. Halafu huko mwishoni kabisa ndipo unamwambia kuwa kumbe kuna hali nyingine, ya kutotoka. Atakayeisoma hiyo sentensi ya mwisho ni yule asiye na haraka.

Usiku wa moto mgeni ana swali moja tu: nitoke au nibaki? Jibu liko mlangoni. Anagusa mlango kwa mgongo wa mkono, juu na karibu na kitasa. Ukiwa wa baridi anaufungua kidogo na kuchungulia korido. Korido ni safi, anatoka. Mlango ukiwa na joto, au korido imejaa moshi, habari ya kutoka imekwisha, anabaki. Kwa hiyo karatasi yako iwe na sehemu mbili zinazoonekana mara moja, KORIDO SAFI na KORIDO INA MOSHI, na kila sehemu iwe na maelekezo yake mafupi. Ukishaigawa hivyo, utashangaa jinsi maneno yatakavyopungua yenyewe.

Na usidhani hiyo sehemu ya pili ni ya kujazia karatasi. Hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas, Novemba 1980, moto uliwaka chini kabisa kwenye mgahawa, jengo lina ghorofa 26. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako moto wenyewe haukufika. Moshi ulipanda kwenye mashimo ya lifti na kwenye ngazi. Wapo walioingia kwenye ngazi, mlango ukajifunga nyuma yao, wakakuta moshi mbele na hawawezi tena kurudi ndani.

Bingwa255

Afande uko sahihi, ila mnasahau kitu muhimu. Mtu akibaki chumbani na moshi unaingia, cha kwanza avunje dirisha apate hewa. Na ajifunge kitambaa kibichi puani, hapo moshi haumfanyi kitu. Hii tulifundishwa kazini. Iandikwe kwa herufi kubwa.

AfandeMstaafu

Bingwa, ulichofundishwa kina ukweli nusu. Kitambaa kibichi kinapunguza masizi na ule ukali wa kooni, ndiyo, kinasaidia kidogo. Lakini kinachoua kwenye moshi zaidi ni hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hiyo inapita kwenye kitambaa kama hakipo. Ukimwandikia mtu kuwa kitambaa ni kinga, utampa moyo wa kuingia kwenye korido ambayo hapaswi kuingia.

Dirisha sasa. Lifunguliwe, lisivunjwe. Moshi ukitoka dirisha la ghorofa ya chini yako unapanda ukutani, na unaweza kuingia kwako. Dirisha lililofunguliwa unalifunga tena. La kuvunja utalifunga na nini? Avunje kama halifunguki na chumba kimeshajaa moshi, basi. Hilo halihitaji kuwa kwenye karatasi ya mlangoni.

Shamim wa Paje

Assalam aleikum. Mie nasimamia usafi wa vyumba huku Unguja, niwape ya kwetu. Nilipoanza kazi, kila banda lilikuwa na karatasi kama hiyo imeandikwa usitumie lifti. Banda la makuti, la chini, mlango mmoja, mchanga nje! Mgeni mmoja akaniuliza kwa mzaha, Shamim, lifti iko wapi? Walichukua tangazo la hoteli ya mjini wakalinakili.

Kaka Kalamu, kuna neno moja kwenye rasimu yako linanitia wasiwasi: *funga milango*. Kwetu ukimwambia mtu funga mlango, nusu watauvuta tu, nusu watatia ufunguo. Wewe unataka kipi?

AfandeMstaafu

Bi Shamim umegusa penyewe. Tunataka mlango uliovutwa ukashika, basi. Mlango uliofungwa unazuia moto na moshi kwa dakika za kutosha watu kushuka. Lakini ukitiwa ufunguo, sisi tukija kupekua chumba baada ya chumba tunapoteza muda kwa kila mlango, na mgeni mwenyewe akilazimika kurudi anapapasa funguo gizani.

KalamuDom

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Niandike nini? "Rudishia mlango" ndivyo tunavyosema nyumbani kwa maana ya kuufunga bila ufunguo. Inafaa?

Shamim wa Paje

Sisi tungesema *shindika mlango*.

Wanjala Msa

Hapa Mombasa shindika wataelewa wazee na watu wa Mji wa Kale. Mgeni kutoka Bungoma ukimwambia shindika atakuuliza anashindika nini, mafuta? Na rudishia kwake ni kama unamwambia arudishe kitu alichokopa. Kwa maoni yangu andika "VUTA MLANGO". Hilo neno liko kwenye milango ya maduka na benki kila pahali, mtu amelizoea kulisoma mlangoni.

Bingwa255

Lakini vuta mlango inaweza kumaanisha aufungue. Milango ya vyumba vya hoteli unaivuta ndio ufunguke, unafungukia ndani.

Wanjala Msa

Si uongo. Basi "vuta mlango nyuma yako". Ukishasema nyuma yako, mtu ameshatoka nje ya chumba.

AfandeMstaafu

"Toka, vuta mlango nyuma yako." Naikubali. Na kabla ya hapo: "Chukua ufunguo", au kadi kama wanatumia kadi. Rasimu yako ina "usirudi kuchukua mali zako", ni sahihi, lakini mgeni anaweza kudhani na ufunguo ni mali ya kuacha. Milango mingi ya hoteli inajifunga yenyewe. Akikuta moshi korido, na ufunguo ameuacha mezani, amefungiwa nje mahali pabaya kuliko pote.

Rose Mhudumu

Jamani mimi niko mapokezi hoteli fulani Arusha, naomba niseme kitu kuhusu hiyo 114. Namba ni sahihi, ndiyo ya zimamoto. Lakini simu za vyumbani kwetu zimeunganishwa kwa namba za vyumba. Ukiwa chumbani ukabonyeza 114, unaita chumba namba 114, ghorofa ya kwanza. Siyo masihara. Na ukitaka laini ya nje unaanza na 9. Sasa mgeni mwenye taharuki atajuaje?

KalamuDom

Dada Rose, hoteli yangu hii ina chumba 114! Nimeona funguo zake pale kaunta.

Rose Mhudumu

Basi andika hivi: simu ya chumbani piga 0, mapokezi. Simu yako ya mkononi piga 114. Ziwe mistari miwili tofauti, kila mmoja na picha ya simu yake. Na mkienda kuweka, jaribuni kupiga hiyo 0 usiku muone kama kuna mtu anapokea. Kuna sehemu inaita hadi inakatika kwa sababu wa zamu yuko getini anapiga soga na mlinzi.

Wanjala Msa

Kwa watakaonakili uzi huu kutoka Kenya, kwetu ni 999 au 112. Msije mkabandika 114 Nairobi.

MchoraGraf

Mimi ni mtu wa usanifu wa picha, nimechora ramani za kutokea za majengo kadhaa. Mnazungumza maneno, lakini jicho likitupwa kwenye karatasi linaanza na picha, kisha mshale, kisha herufi kubwa. Aya linaikimbia kabisa. Kalamu, hiyo ramani iliyopo sasa ikoje?

KalamuDom

Kuna mchoro wa ghorofa, mdogo, na nyota nyekundu imeandikwa kuwa uko hapa. Vyumba vyote vya ghorofa moja wana mchoro uleule, nyota tu ndiyo imehamishwa.

MchoraGraf

Nilijua. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Chukua vyumba viwili vinavyotazamana, 307 na 308. Mgeni wa 307 anasimama akitazama mlango, na ngazi ya karibu iko kushoto kwake. Wa 308, ng'ambo ya korido, naye anatazama mlango wake, yaani ameelekea upande wa pili. Ngazi ileile kwake iko kulia. Ukiwapa mchoro mmoja, mmoja wao lazima augeuze kichwani. Mchana ukiwa na kahawa mkononi utaweza. Usiku na kengele inalia, wengi watafuata upande ambao karatasi inaonyesha, yaani watakwenda sipo.

Kanuni ni kwamba kilicho juu kwenye ramani kiwe ndicho kilicho mbele ya msomaji. Karatasi ikiwa nyuma ya mlango, juu ni koridoni, kushoto kwa ramani ni kushoto kwako ukitoka. Kwa hiyo kila ghorofa inahitaji angalau michoro miwili, ya upande huu wa korido na ya upande ule, kisha alama ya chumba inahamishwa. Kiwango cha kimataifa cha ramani hizi ni ISO 23601, na ndivyo kinavyotaka. Pia mahali msomaji alipo panawekwa kwa buluu, kwa sababu nyekundu ni ya vifaa vya moto na kijani ni ya njia za kutokea. Hiyo nyota nyekundu mtu anaweza kudhani ndipo kengele ilipo.

Na wasije wakaibandika kwenye ukuta wa pembeni kwa sababu mlango umepakwa rangi mpya. Ikihama ukuta, imepotosha kushoto na kulia.

AfandeMstaafu

Umesema vyema. Niongeze hapo: ndani ya moshi ramani haionekani, wala alama za korido haziwaki vya kutosha. Mtu anashuka chini, anatambaa, mkono mmoja ukutani, anahesabu milango. Kwa hiyo chini ya mshale andikeni idadi: "Kushoto, pita milango mitatu." Ihesabiwe ile ya ukuta wa upande wake, ndiyo mkono utakayoigusa. Msijumlishe na ya ng'ambo. Na milango ya stoo za mashuka ihesabiwe pia, maana mkono haujui kama ni stoo.

Binti Muscat

Salaam kutoka Oman. Nafanya hotelini huku, kadi zetu ni Kiarabu na Kiingereza. Jambo moja ambalo huenda likawafaa kama hiyo hoteli itaongeza Kiarabu: tuliwahi kuwa na kadi yenye picha nne kwa safu, moja, mbili, tatu, nne, kutoka kushoto. Msomaji wa Kiarabu anaanza kulia. Akaona mtu yuko nje kwenye mkusanyiko kwanza, kisha ngazi, kisha mlango. Siku hizi picha zimepangwa juu kwenda chini, na hilo halina kushoto wala kulia kwa mtu yeyote.

KalamuDom

Asante sana dada. Kuhusu lugha, meneja anataka Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kichina na Kiarabu kwenye karatasi moja ya A4. Nikamwambia herufi zitakuwa kama za maelezo ya dawa.

MchoraGraf

Muulize kitabu chake cha wageni kinasemaje. Kama wageni wake ni wa semina, weka Kiswahili juu, kikubwa, Kiingereza chini yake kwa herufi nyembamba, na picha zibebe wengine. Picha zenyewe usibuni zako. Ziko kwenye ISO 7010: yule mtu anayekimbia mlangoni ni E001 na E002 kulingana na upande, mkusanyiko ni E007, kitufe cha kengele ni F005, na lifti yenye mstari mwekundu ni P020. Mchina na Mfaransa wameshaziona viwanja vya ndege. Kifaransa na Kichina viwe kwenye lile kabrasha la mezani.

Bingwa255

Na mtungi wa kuzimia moto mbona hamjautaja? Mgeni akiuona moto mdogo azime.

AfandeMstaafu

Mahali mtungi ulipo paonyeshwe kwenye ramani kwa alama yake. Kumwamuru mgeni azime, mimi siwezi. Hajafundishwa, hajui mtungi ni wa aina gani, na dakika anayotafuta pini ndiyo dakika ya kuamsha jirani. Wafanyakazi ndio wafundishwe.

Bingwa255

Mimi sikubaliani. Kikapu cha taka kinawaka, mtungi uko hatua mbili, niende kubonyeza kengele nishuke ghorofa tatu? Nitazima.

AfandeMstaafu

Zima, ndugu yangu. Lakini atakayesoma karatasi hii siyo wewe peke yako.

Mama Neema

Nawasoma kimya kimya. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu na tulilala hoteli ya ghorofa juzi kwenye harusi. Karatasi inasema usitumie lifti, shuka kwa ngazi. Yeye afanyeje? Hakuna mstari wowote kwa ajili yake.

AfandeMstaafu

Mama, kwanza mapokezi wangempa chumba cha chini. Isipowezekana, namba ya chumba chake iwe kwenye orodha inayokaa kaunta na getini, ili wa kwanza kufika wajue pa kwenda. Ikiwa hoteli ina ngazi zilizozungushiwa kuta na zenye milango ya kuzuia moto, anaweza kusubiri kwenye sehemu pana ya ngazi, ndani ya mlango huo, na msaidizi wake. Ikiwa ngazi ni za wazi, ni salama zaidi abaki chumbani, mlango umefungwa na taulo la maji chini yake. Kuliweka hili kwenye karatasi ya kila chumba sijui kama inawezekana bila kurudisha aya.

Mama Neema

Basi angalau mstari mmoja: "Huwezi kushuka ngazi? Piga 0 sasa hivi."

KalamuDom

Naichukua hiyo mama, kama ilivyo.

Nimekaa na rasimu hii leo mchana. Nimechapa na kwenda nayo hotelini, nikawaomba watu wa jikoni, dereva wa basi la semina na wageni wawili waliokuwa wanasubiri chai. Namwonyesha mtu karatasi, nahesabu hadi tano kimoyomoyo, naigeuza. Kisha namwambia: kengele imelia, nionyeshe. Simuulizi ameelewa nini, namtaka afanye.

> MOTO
>
> KORIDO SAFI: TOKA
> Chukua ufunguo
> Vuta mlango nyuma yako
> Vunja kioo cha kengele
> NGAZI: kushoto, pita milango 3
> Usitumie lifti
> Nenda eneo la kukusanyikia
>
> KORIDO INA MOSHI: BAKI
> Funga mlango. Taulo la maji chini yake
> Simu ya chumbani: 0 Simu yako: 114
> Kaa dirishani uonekane
>
> Huwezi kushuka ngazi? Piga 0 sasa hivi

Kutoka na kubaki wote walipatia. Ngazi wote walipatia. Vilivyowashinda ni vitatu. Dereva alipofika koridoni akauliza, kioo kipi? Kuna kioo kikubwa cha kujitazamia ukutani pale karibu na lifti, na alikuwa anakitazama hicho. Wa pili, mama wa jikoni, kwa kutazama haraka aliona "tumie lifti". Na eneo la kukusanyikia hakuna aliyejua ni wapi, pamoja na wafanyakazi wenyewe. Mmoja alisema mapokezi.

AfandeMstaafu

Hiyo ya mkusanyiko ndiyo ya kutisha zaidi kwangu. Watu wakijikusanya mapokezi wamekaa juu ya njia yetu ya kuingilia, tena chini ya vioo.

Rose Mhudumu

Huko Dodoma si kuna miti? Andika mti.

KalamuDom

Kuna mwarobaini mkubwa nje ya geti. "Nenda kwenye mwarobaini, nje ya geti." Kibao cha kijani cha E007 wakipigilie kwenye nguzo hapohapo, ili picha ya kwenye karatasi na ya pale chini ifanane.

MchoraGraf

Lifti: ondoa kitenzi. Ile "usi" imebeba katazo lote, na jicho lenye haraka linairuka. Weka picha ya P020, pembeni neno moja LIFTI lililokatwa na mstari mwekundu. Ngazi umeshaitaja juu yake, mtu anajua pa kwenda.

Kioo: andika "bonyeza kiboksi chekundu ukutani". Hata vile vya zamani vyenye kioo chembamba unabonyeza kwa kidole gumba, kioo kinapasuka. Vipya havipasuki kabisa, ni plastiki. Bonyeza inafaa kote kuwili.

Shamim wa Paje

Mmeisahau ile "funga mlango" ya sehemu ya pili. Huyu yuko ndani, anabaki. Atatia ufunguo.

KalamuDom

Umenikamata. Hapo "nyuma yako" haifai. "Mlango ubaki umefungwa, bila ufunguo"?

Shamim wa Paje

Ndefu kidogo lakini haina njia ya pili ya kusomwa. Iache.

Mie naomba Afande anisaidie na ya kwetu. Mabanda ya makuti, lifti hatuna, ngazi hatuna. Karatasi yetu niiandike vipi?

AfandeMstaafu

Kwako hakuna sehemu ya kubaki. Makuti yakishika ni suala la dakika chache, na cheche zinaruka na upepo kutoka paa hadi paa. Kwa hiyo mstari ni mmoja: toka sasa hivi, usichukue kitu, piga kelele, kimbilia mahali pa kukusanyika. Ufunguo huuhitaji, hakuna pa kurudi. Shida yako ni hapo pa kukusanyika. Pakiwa upande ambao upepo unaelekea, umewapeleka watu kwenye moshi na cheche.

Shamim wa Paje

Hilo ndilo linanipa tabu. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, wakati wa kaskazi unageuka. Mahali pamoja hapawezi kufaa mwaka mzima.

Wanjala Msa

Kwa nini usiwapeleke ufukweni tu?

Shamim wa Paje

Maji yakijaa, ufuko wetu unabaki kipande. Nafikiria vibao viwili, na karatasi ibadilishwe upepo ukigeuka. Ila hizo karatasi ni nani atakayekumbuka kuzibadilisha?

AfandeMstaafu

Au karatasi iseme "fuata mlinzi mwenye fulana ya kijani", na mlinzi ndiye ajue upepo. Lakini hapo umeegemea mtu mmoja, na usiku anaweza kuwa amelala. Sina jibu la moja kwa moja Bi Shamim. Nenda kaongee na kikosi cha zimamoto cha huko, waje wasimame pale misimu yote miwili.

KalamuDom

Taarifa ya leo: meneja amekubali karibu yote. Anachogomea ni kuondoa "Mgeni mpendwa" na "tafadhali". Anasema TOKA peke yake ni kama anamfukuza mteja aliyelipa.

Wanjala Msa

Hata mimi kidogo ninamwelewa. Toka! Kwetu ni neno la kufukuzia mbwa. Angalau "Tokeni".

AfandeMstaafu

Jengo linawaka mnabembelezana? TOKA.

Rose Mhudumu

Salamu ziende kwenye lile kabrasha la mezani, ukurasa wa kwanza, na tafadhali zake zote. Mlangoni pabaki amri. Meneja wetu naye alikuwa hivyohivyo, akakubali alipoona heshima haijatupwa, imehamishwa tu.

KalamuDom

Nitamwambia hivyo kesho asubuhi. MchoraGraf, ukiwa na nafasi niandikie inbox bei yako ya michoro miwili kwa kila ghorofa.

MchoraGraf

Sawa. Ila kabla ya bei nitumie orodha ya vyumba, kila kimoja mlango wake unaelekea upande gani, na idadi ya milango hadi kila ngazi. Tembea uhesabu mwenyewe kwa mkono ukutani. Usichukue kwenye ramani ya mjenzi, kuna stoo huwa zinaongezwa baadaye.